Andalio la Kwanza: Dakika 40 Zinazopangwa Kuanzia Mwisho

Mpe mtoto wa darasa la nne swali la 1/4 + 2/4 kabla hajafundishwa kujumlisha sehemu, kisha mwache ajibu mwenyewe. Wapo watakaoandika 3/4. Wapo pia watakaoandika 3/8, na mara nyingi si wachache. Hao wamejumlisha namba za juu, wakajumlisha na za chini, kwa sababu tangu darasa la kwanza wamezoea kwamba wakiona alama ya kujumlisha, kila namba iliyopo inajumlishwa. Walimu wa hisabati wanalifahamu kosa hili vizuri. Mwalimu tarajali aliyepangiwa mada hii kwa mara yake ya kwanza anapaswa kuingia darasani akiwa amejiandaa kupambana nalo.

Hata hivyo, maandalio mengi ya mara ya kwanza hayaligusi kabisa. Kwenye safu ya mwalimu utakuta “kuwaongoza wanafunzi kujumlisha sehemu”. Kwenye safu ya mwanafunzi kuna “kusikiliza na kujibu maswali”, na kwenye tathmini kuna “maswali ya papo kwa papo”. Fomu imejaa na mwandiko ni mzuri, lakini mwalimu mlezi anayeisoma hawezi kujua mtoto atafanya nini katika dakika ya kumi na tano, wala itajulikanaje kwamba amejifunza. Andalio la namna hiyo lingeweza kubandikwa kwenye somo lolote.

Ili kuona andalio lililo tayari kuangaliwa linavyojengwa, tuchukue darasa la mfano. Ni darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania, lenye wanafunzi 72 walioandikishwa, wanaokaa watatu watatu kwenye madawati 24. Somo ni Hisabati, kipindi ni cha dakika 40, na mada ni kujumlisha sehemu zenye asili moja, yaani zile ambazo namba ya chini inafanana. Namba ya juu wanafunzi wanaiita kiasi.

Kabla ya kugusa fomu

Mwalimu tarajali huanza na karatasi ambazo tayari zipo shuleni. Muhtasari wa somo humwonyesha darasa linatakiwa kufika wapi. Azimio la kazi humwonyesha mada imepangwa wiki gani na imepewa vipindi vingapi, na kitabu cha kiada cha Taasisi ya Elimu Tanzania humpa mifano na mazoezi. Fomu nazo hazifanani. Zile za zamani zina mada kuu, mada ndogo na lengo mahususi. Zinazofuata mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 zinataja umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli. Fomu ya kutumia ni ile inayotumika shuleni au chuoni, kwa hiyo aulize mapema kwa mwalimu wa taaluma.

Baada ya hapo anahitaji kitu ambacho hakimo kwenye muhtasari wala kitabuni, nacho ni madaftari ya watoto wenyewe. Akiomba madaftari kama kumi na kupitia kazi ya wiki iliyopita, ataona kama wanaweza kupaka rangi 3/8 ya mstatili na kusoma sehemu iliyopakwa. Kama bado wanachanganya kiasi na asili, kipindi cha kujumlisha hakijafika, na ni afadhali amwambie hivyo mwalimu wa darasa kuliko kuligundua mbele ya mwangalizi. Katika darasa letu tuseme wanaweza kutaja na kuchora sehemu, na hawajawahi kuzijumlisha.

Kwenye kichwa cha fomu kuna jedwali la idadi ya wanafunzi, wavulana na wasichana, walioandikishwa na waliohudhuria. Idadi ya walioandikishwa inajazwa nyumbani. Ya waliohudhuria inajazwa darasani, baada ya kuhesabu. Andalio linaloonyesha wote 72 wamehudhuria wakati madawati mawili yako wazi humfanya mwalimu mlezi atilie shaka na kurasa zinazofuata.

Lengo ambalo mtu mwingine anaweza kulipima

“Mwanafunzi aelewe kujumlisha sehemu” ni sentensi inayokuja haraka, na haipimiki, kwa sababu kuelewa hakuonekani kwa macho. Mwaka 1962 Mmarekani Robert Mager alichapisha kitabu kidogo kuhusu uandishi wa malengo ya kufundishia, na wakufunzi wa ualimu bado wanatumia vipimo vyake vitatu: mwanafunzi atafanya nini, katika hali gani, na kwa kiwango gani. Tukivitumia hapa, lengo linasomeka hivi:

*Kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu mbili zenye asili moja, ambazo jumla yake haizidi 1, akiandika mwenyewe kwenye daftari, na kupata angalau maswali manne kati ya matano.*

Maneno “ambazo jumla yake haizidi 1” yana kazi yake. Bila hayo mwalimu anaweza kuandika 5/8 + 6/8 ubaoni bila kufikiri, akajikuta anafundisha sehemu guni na namba mchanganyiko zikiwa zimebaki dakika kumi. Mipaka ya lengo humlinda mwalimu dhidi ya mifano inayomtoa nje ya kipindi.

Lengo hilo peke yake, hata hivyo, linaweza kufikiwa kwa kukariri. Mtoto akiambiwa “jumlisha juu, chini acha ilivyo”, atapata matano kati ya matano bila kujua sababu, na mwezi ujao akikutana na 1/2 + 1/4 hatakuwa na pa kushika. Kwa hiyo kunaongezwa lengo la pili: *aweze kueleza kwa karatasi iliyokunjwa, mchoro au maneno kwa nini asili haibadiliki.* Malengo mawili kwa dakika 40 yanatosha.

Swali la mwisho linaandikwa kwanza

Hapa ndipo utaratibu unapogeuka. Wengi huandika andalio kuanzia utangulizi, wakishuka hatua kwa hatua, na wakifika kwenye tathmini akili imechoka na nafasi imebaki mistari miwili. Matokeo yake kipindi kinafundisha jambo moja na kupima jingine. Njia iliyo salama ni kuandika maswali ya tathmini mara tu baada ya lengo, kisha kujiuliza darasa lipitie nini ili liweze kuyajibu.

Maswali matano ya darasa letu ni haya:

1. 2/5 + 1/5
2. 3/8 + 4/8
3. 1/6 + 4/6
4. 3/7 + 2/7
5. Mkate umekatwa vipande 9 vinavyolingana. Juma amekula 2/9 na Neema amekula 5/9. Kwa pamoja wamekula sehemu gani ya mkate?

Kwa lengo la pili kuna swali la sita: *Mwanafunzi mmoja ameandika 2/6 + 3/6 = 5/12. Je, yuko sahihi? Eleza.*

Namba hizi zimechaguliwa kwa makusudi. Majibu ni 3/5, 7/8, 5/6, 5/7 na 7/9, na hakuna hata moja linaloweza kurahisishwa. Lau swali la pili lingekuwa 2/8 + 4/8, mtoto mmoja angeandika 6/8, mwingine aliyefundishwa na kaka yake angeandika 3/4, na mwalimu angepoteza dakika tano kueleza kwamba wote wawili wamepata. Majibu ya kosa nayo yanajulikana mapema. Mtoto akiandika 3/10 au 7/16, mwalimu anajua papo hapo kwamba amejumlisha asili. Akiandika 6/8, njia anayo ila amekosea kuhesabu. Watoto hawa wawili hawahitaji msaada unaofanana, na karatasi yenye maswali yaliyochaguliwa vizuri humwonyesha mwalimu nani ni nani.

Dakika 40, hatua kwa hatua

Sasa ndipo hatua za katikati zinapojazwa. Mgawanyo wa muda katika mfano huu ni dakika 5 za utangulizi, 12 za maarifa mapya, 12 za kuimarisha maarifa, 4 za tafakuri na 7 za tathmini na hitimisho.

*Utangulizi.* Mwalimu anabandika ubaoni ukanda wa karatasi ya manila wenye urefu wa sentimeta 80, uliogawanywa vipande 8 vya sentimeta 10 kila kimoja. Ukubwa huo unaonekana hata kutoka dawati la nyuma. Vipande vitatu vimepakwa rangi. Anauliza: “Sehemu gani imepakwa rangi? Nane inatuambia nini? Tatu inatuambia nini?” Maswali hayo matatu yanaandikwa kwenye andalio kama yalivyo, neno kwa neno. Hili hutofautisha sana andalio la mwalimu aliyejiandaa na la yule anayetegemea kwamba maneno yatakuja yenyewe, kwa sababu mbele ya watoto 72 na mwangalizi mmoja, maneno huwa hayaji.

*Maarifa mapya.* Kila dawati linapewa ukanda mmoja wa karatasi. Karatasi ya A4 ikikatwa kwa urefu hutoa kanda nne zenye upana wa sentimeta tano na kidogo, kwa hiyo karatasi sita zinatosha madawati yote 24, na moja ya ziada ni ya akiba. Ukanda unakunjwa katikati mara tatu, kisha unafunguliwa. Watoto wengi watatarajia kuona vipande sita, kwa kuwa wamekunja mara tatu na kila mkunjo umegawa mara mbili. Watahesabu na kukuta vinane. Mwalimu atenge dakika moja kwa mshangao huo, la sivyo utaila ratiba yake.

Kisha kila kundi linachora mistari ya kulala kwenye vipande vitatu na mistari ya kusimama kwenye vingine viwili. Mwalimu anauliza: “Vipande vyenye mistari ni vingapi?” Vitano. “Ukanda mzima una vipande vingapi sasa? Vimeongezeka?” Bado ni vinane. Hapo ndipo anapoandika ubaoni 3/8 + 2/8 = 5/8, baada ya watoto kuona kwa macho kwamba hakuna kipande kipya kilichozaliwa kwenye karatasi. Akiandika kanuni kwanza na kugawa karatasi baadaye, karatasi inabaki pambo.

Safu ya vitendo vya mwanafunzi katika hatua hii inasomeka “kukunja ukanda vipande 8, kuchora mistari kwenye 3/8 na 2/8, kuhesabu na kutaja jumla”. Neno “kusikiliza” halina nafasi hapo. Safu ya tathmini nayo inasema mwalimu atapita kwenye madawati na kuona kama kila kundi limepata vipande vinane vinavyolingana na jumla ya 5/8.

*Kuimarisha maarifa.* Mwalimu sasa analileta kosa ubaoni mwenyewe badala ya kungoja litokee. Anaandika 1/2 + 1/2 = 2/4 na kuuliza kama ni sahihi. Wengine watasema ndiyo. Anachukua chapati ya karatasi, anaikata nusu mbili, anawapa watoto wawili nusu moja moja, kisha anawaomba waziunganishe. Imekuwa chapati nzima. Halafu anaikunja chapati nyingine mara mbili na kuonyesha kwamba 2/4 ni nusu tu. Ikiwa jibu la ubaoni ni sahihi, basi nusu ukiongeza nusu unabaki na nusu. Watoto wataligundua kosa wao wenyewe, na sauti zitapanda. Mwalimu asiwakatishe haraka. Baada ya hapo kila dawati linafanya maswali mawili, 1/4 + 2/4 na 4/9 + 1/9, kwa kuchora kwanza na kuandika baadaye.

*Tafakuri.* Jozi za wanafunzi zinaelezana kwa maneno yao kwa nini namba ya chini haikubadilika. Mwalimu anachagua jozi tatu, na moja iwe ya madawati ya nyuma.

*Tathmini na hitimisho.* Maswali sita yaliyoandikwa mwanzoni yanafika ubaoni. Kila mtoto anafanya peke yake.

“Mmeelewa?” “Ndiyo, mwalimu!”

Mtego mkubwa wa vipindi vya kwanza ni jibu la pamoja. Mwalimu anauliza kama wameelewa, darasa zima linaitika ndiyo, na mwalimu anasonga mbele akiwa na moyo mweupe. Mwitikio huo hauonyeshi chochote. Watoto kumi wanaojua hubeba sauti ya wengine sitini, na kuitikia mwalimu ni adabu kabla ya kuwa jibu. Mwalimu mlezi aliyekaa nyuma huliona hili kuliko mwalimu aliye mbele, maana yeye anaona midomo inayosubiri wenzake waanze.

Ndiyo maana andalio linataja namna ya kupata jibu la kila mmoja. Wakati wa mazoezi mwalimu anapita na kalamu nyekundu safu kwa safu, akiangalia tarakimu moja tu, namba ya chini ya jibu. Hiyo inamtosha kujua nani amejumlisha asili. Kusahihisha madaftari yote 72 ndani ya dakika saba hakuwezekani, na andalio linaloahidi hivyo linamhukumu mwandishi wake. Andalio la mfano linasema waziwazi kwamba swali la kwanza na la pili yatakaguliwa darasani kwa kupita, na madaftari yote yatakusanywa na kusahihishwa siku hiyo hiyo baada ya kipindi.

Mtego mwingine ni muda. Kugawa kanda kwa madawati 24 kunakula dakika nne kama mwalimu anagawa mwenyewe, na dakika moja kama kanda zimepangwa mafungu kwa safu na viongozi wa safu wanazipitisha. Andalio liandike njia ya kugawa. Liandike pia kitakachoachwa muda ukiisha: zoezi la 4/9 + 1/9 linaweza kuachwa, tathmini haiwezi. Mwalimu mlezi akiona mstari huo kabla ya kipindi, anajua mwalimu tarajali amelipitia somo kichwani dakika kwa dakika.

Siku ya kuangaliwa

Siku moja kabla, mwalimu tarajali anampelekea mwalimu mlezi andalio pamoja na azimio la kazi, kitabu na ukanda mmoja uliokwisha kunjwa. Mazungumzo ya dakika kumi wakati huo yana faida kuliko maoni marefu baada ya kipindi, kwa kuwa bado kuna nafasi ya kubadilisha. Vilevile ni wakati wa kuomba jambo moja mahususi liangaliwe. “Naomba uhesabu ni wanafunzi wangapi tofauti nimewauliza, na wanakaa wapi” ni ombi ambalo mlezi anaweza kulijibu kwa alama kwenye mchoro wa madawati. “Naomba uniangalie kama nafundisha vizuri” humwachia mlezi kazi ya kubahatisha.

Kipindi chenyewe hakitafuata karatasi kila mstari. Ukanda utachanika, mtoto atauliza vipi ikiwa namba za chini hazifanani. Swali hilo linastahili pongezi, kuandikwa pembeni mwa ubao, na ahadi ya kulirudia kwenye kipindi chake. Kuacha hatua kwa sababu inayoeleweka si kosa, mradi mwalimu aweze kuieleza baadaye.

Baada ya kengele

Chini ya fomu kuna nafasi ya tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu na maoni. Hizo ndizo sehemu zinazojazwa kwa uvivu kuliko zote. “Somo limeeleweka vizuri na wanafunzi walishiriki” ni sentensi inayoweza kuandikwa hata kabla ya kipindi kuanza. Katika mfano wetu, baada ya madaftari kusahihishwa, panaweza kusomeka hivi:

*Waliohudhuria 70. Waliopata maswali manne au zaidi ni 58. Waliojumlisha asili ni 9. Wengine 3 walikosea kuhesabu kiasi. Kati ya wale 58, 31 tu ndio walioeleza kosa la swali la sita kwa sababu inayoeleweka.*

Mistari hiyo inamwonyesha mwalimu mlezi kwamba lengo la kwanza limekaribia kutimia na la pili halijatimia. Tena inaonyesha jambo ambalo ubaoni halikuonekana: watoto 27 wamepata majibu kwa kukariri. Katika kikao cha baada ya kipindi, badala ya kuzungumzia sauti na mavazi, walimu hao wawili wana kitu cha kujadili. Pengine mwalimu alirudia mara nyingi mno maneno “chini acha ilivyo”. Pengine dakika nne za tafakuri zilikuwa chache kwa jozi 35.

Uamuzi wao unaingia moja kwa moja kwenye andalio la kesho. Utangulizi wa kipindi kinachofuata hautakuwa marudio ya jumla. Utakuwa swali la sita lenyewe, likitolewa kwa jozi pamoja na ukanda uliokunjwa vipande sita. Wakati huo wale tisa watakaa madawati ya mbele wakichora 2/6 na 3/6 mbele ya mwalimu, na wale watatu watapewa maswali mawili ya kurudia. Muda uliopangwa ni dakika nane, na zile tatu za ziada zimetolewa kwenye mazoezi ya mwisho.